Riba Sahili na Riba Limbikizi: Amana Ileile kwa Miaka 10

Taasisi mbili zinakuahidi asilimia 8 kwa mwaka. Zote mbili zinataka uweke 1,000,000 kwa miaka 10, kwa sarafu yoyote unayotumia. Ya kwanza inalipa riba sahili, ya pili inalipa riba limbikizi, ile ambayo wengi huiita riba juu ya riba. Kwenye tangazo ofa hizi hazina tofauti. Mwaka wa 10 ukiisha, ya pili imeizidi ya kwanza kwa 358,925, yaani zaidi ya theluthi ya mtaji uliouweka.

Kwa hesabu hiyo ni rahisi kusema limbikizi ndiyo bora, tukamaliza. Mimi sikubaliani na jibu hilo la haraka, kwa sababu mtu anayeishi kwa riba yake na mtu asiyeigusa hawawezi kuchagua kitu kimoja. Jambo linaloamua yote ni moja: riba ya kila mwaka inakwenda wapi baada ya kupatikana? Ukishalijibu hilo, mengine yanafuata.

## Vigezo tutakavyotumia

Nitazipima njia zote mbili kwa vigezo vinne. Kwanza, riba inahesabiwa juu ya kiasi gani. Pili, pesa inakufikia lini mkononi. Tatu, una kiasi gani mwaka wa 10 unapoisha. Nne, inakuwaje ukilazimika kuvunja amana kabla ya muda wake.

Mfano ni uleule mwanzo hadi mwisho: mtaji 1,000,000, kiwango cha asilimia 8 kwa mwaka kisichobadilika, riba kuhesabiwa mara moja kwa mwaka. Kodi na ada nimeziweka kando kwa sasa, tutazigusa baadaye.

## Riba sahili

Inavyohesabiwa. Kila mwaka riba inahesabiwa juu ya mtaji wa mwanzo peke yake. Asilimia 8 ya 1,000,000 ni 80,000. Mwaka wa 1 unapata 80,000, mwaka wa 6 unapata 80,000, mwaka wa 10 unapata 80,000. Riba uliyokwisha kuipata haizai chochote ndani ya akaunti hiyo. Kanuni yake ni hii, ambapo P ni mtaji, r ni kiwango kwa desimali na n ni idadi ya miaka:

```
A = P * (1 + r * n)
```

Pesa inapokufikia. Hapa kuna aina mbili ambazo watu wengi huzichanganya, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu muhimu kuliko zote upande huu. Katika aina ya kwanza taasisi inakulipa zile 80,000 kila mwaka unapoisha. Unazipokea, unazitumia au unazipeleka kwingine. Katika aina ya pili taasisi inaandika riba yako kwenye hesabu lakini inakaa nayo mpaka mwaka wa 10, kisha inakulipa yote kwa mkupuo bila kuiongezea kitu. Mikataba yote miwili inaitwa riba sahili, ila kwa mwenye amana haifanani hata kidogo. Katika aina ya pili, 80,000 za mwaka wa 1 zinakaa mikononi mwa taasisi kwa miaka 9 zikiwatumikia wao, wewe hupati chochote kwa kungoja huko.

Mwaka wa 10. Riba ni 800,000, jumla ni 1,800,000. Ikiwa ulikuwa unalipwa kila mwaka, jumla hiyo haikuja kwa pamoja: 800,000 zimepita mikononi mwako kidogo kidogo, na siku ya kukomaa unachukua mtaji na riba ya mwaka wa mwisho.

Ukitoka mapema. Kama riba ilikuwa inalipwa kila mwaka, tayari unayo. Lakini soma kifungu cha kuvunja amana. Baadhi ya mikataba huhesabu riba yote upya kwa kiwango cha chini tangu siku ya kwanza, kisha hukata kwenye mtaji ile ziada uliyokwisha kulipwa. Mtu anaweza kuvunja amana mwaka wa 4 akarudishiwa chini ya 1,000,000 aliyoweka, akadhani ameibiwa, kumbe kifungu kilikuwepo.

Inamfaa nani. Inamfaa anayehitaji kipato cha uhakika kila mwaka bila kugusa mtaji, kwa mfano mstaafu au mzazi anayelipa ada. Anajua kiasi atakachopata na anajua lini. Hatifungani nyingi zinazolipa kuponi hufanya kazi kwa namna hii hii: kuponi inakuja mkononi kwa kiwango kilekile, mtaji unarudi mwishoni.

## Riba limbikizi

Inavyohesabiwa. Riba ya kila mwaka inaongezwa kwenye salio, na mwaka unaofuata riba inahesabiwa juu ya salio lote. Mwaka wa 1 ni 80,000, sawa na kule. Mwaka wa 2 asilimia 8 inahesabiwa juu ya 1,080,000, kwa hiyo unapata 86,400. Zile 6,400 za ziada ni asilimia 8 ya 80,000 za mwaka uliopita. Kanuni yake:

```
A = P * (1 + r)^n
```

Kwenye jedwali la kompyuta andika `=1000000*(1+0.08)^10`. Ukiwa na kikokotoo cha kawaida tu, zidisha 1,000,000 kwa 1.08, kisha zidisha jibu kwa 1.08 tena, mpaka zitimie mara 10. Nakushauri uifanye kwa mkono angalau mara moja, maana utaona mwenyewe namna ongezeko linavyokua hatua kwa hatua.

Pesa inapokufikia. Mwishoni, kwa pamoja. Katikati hupati kitu. Hiyo ndiyo gharama halisi ya njia hii, na wanaoisifu huisahau mara nyingi. Ukianza kutoa zile 80,000 kila mwaka kwa matumizi, salio linarudi kuwa 1,000,000 kila mwaka, nawe umeigeuza kuwa riba sahili kwa mkono wako. Ukitoa nusu, yaani 40,000 kila mwaka, utakuwa umepokea 400,000 njiani na mwaka wa 10 utakuta 1,579,462. Jumla ni 1,979,462: zaidi ya riba sahili, chini ya ile isiyoguswa.

Mwaka wa 10. Jumla ni 2,158,925. Riba yote ni 1,158,925, na inagawanyika vizuri sana ukiitazama: 800,000 zimezaliwa na mtaji, kama kwa riba sahili, na 358,925 zimezaliwa na riba. Riba ya mwaka wa 10 peke yake ni karibu 159,920, takribani mara mbili ya ile ya mwaka wa 1.

Ukitoka mapema. Hapa ndipo njia hii inapoumiza. Faida yake juu ya riba sahili iko mwishoni. Ukitoka mwaka wa 3 umeizidi riba sahili kwa 19,712 tu, kiasi ambacho adhabu ya kawaida ya kuvunja amana inaweza kukimeza chote na zaidi.

Inamfaa nani. Inamfaa ambaye kweli hataigusa pesa: anayejiwekea kwa ajili ya uzee ulio mbali, au kwa ajili ya mtoto aliye mdogo leo, huku akiba ya dharura ikiwa mahali pengine.

## Mwaka kwa mwaka

| Mwaka | Riba sahili | Riba limbikizi | Tofauti |
|---|---|---|---|
| 1 | 1,080,000 | 1,080,000 | 0 |
| 2 | 1,160,000 | 1,166,400 | 6,400 |
| 3 | 1,240,000 | 1,259,712 | 19,712 |
| 4 | 1,320,000 | 1,360,489 | 40,489 |
| 5 | 1,400,000 | 1,469,328 | 69,328 |
| 6 | 1,480,000 | 1,586,874 | 106,874 |
| 7 | 1,560,000 | 1,713,824 | 153,824 |
| 8 | 1,640,000 | 1,850,930 | 210,930 |
| 9 | 1,720,000 | 1,999,005 | 279,005 |
| 10 | 1,800,000 | 2,158,925 | 358,925 |

Tazama safu ya mwisho. Katika miaka 5 ya kwanza tofauti inafika 69,328, chini ya sehemu moja ya tano ya tofauti yote. Miaka mitatu ya mwisho peke yake inaleta 205,101, zaidi ya nusu. Kwa hiyo mtu anayesema "nitaweka miaka 10, ikibidi nitatoa mwaka wa 6" hachagui kati ya 1,800,000 na 2,158,925. Anachagua kati ya 1,480,000 na 1,586,874, na hiyo ni hesabu nyingine kabisa.

Tazama pia mwaka wa 9. Salio limefika karibu 2,000,000, mtaji umejizidisha maradufu. Kuna kanuni ya zamani ya kukadiria jambo hili, ambayo mwanahisabati wa Italia Luca Pacioli aliitaja mwaka 1494: gawanya 72 kwa asilimia ya riba, utapata takriban miaka ya kuzidisha mtaji mara mbili. 72 kwa 8 ni 9. Kwa riba sahili gawanya 100 badala ya 72, unapata miaka 12 na nusu, na hapo jibu ni kamili.

## Viwango visipolingana

Mfano wetu umetumia asilimia 8 pande zote ili kulinganisha haki. Sokoni mara nyingi utakuta riba sahili inatolewa kwa kiwango cha juu kidogo, na hapo ndipo watu hukwama.

Tuseme upande mmoja ni asilimia 10 sahili, upande wa pili asilimia 8 limbikizi. Mwaka wa 3, riba sahili iko mbele: 1,300,000 dhidi ya 1,259,712. Mwaka wa 6 bado iko mbele, ila kwa kidogo: 1,600,000 dhidi ya 1,586,874. Mwaka wa 7 limbikizi inapita, 1,713,824 dhidi ya 1,700,000. Mwaka wa 10 ni 2,158,925 dhidi ya 2,000,000. Kama muda wako ni miaka 5, asilimia 10 sahili inakufaa zaidi. Kama ni 10 na riba inakaa kwa taasisi mpaka mwisho, asilimia 8 limbikizi inakufaa zaidi.

Je, riba sahili ingehitaji kiwango gani ili ifikie 2,158,925 mwaka wa 10? Gawanya riba yote, 1,158,925, kwa miaka 10 na kwa mtaji: ni takriban asilimia 11.59 kwa mwaka. Ikumbuke namba hiyo, kwa sababu ina matumizi ya pili yasiyo mazuri. Kuna watangazaji wanaochukua bidhaa ya asilimia 8 limbikizi, wakagawanya faida yote kwa miaka 10, kisha wakaandika "wastani wa asilimia 11.59 kwa mwaka". Hesabu yao si ya uongo, lakini ukiilinganisha na ofa nyingine ya asilimia 10 limbikizi utachagua ile mbovu. Asilimia 10 limbikizi ingekupa 2,593,742.

## Riba sahili inaweza kulimbikizwa na wewe mwenyewe

Tuirudie ile riba sahili inayolipwa kila mwaka. Unapokea 80,000. Ukizitumia, habari imeishia hapo. Lakini ukizipeleka kwenye akaunti nyingine inayolipa riba limbikizi, umejitengenezea ulimbikizaji wako, na jumla ya mwaka wa 10 inategemea kiwango cha akaunti hiyo ya pili.

Akaunti ya pili ikilipa asilimia 3, zile 80,000 za kila mwaka zitakuwa zimekua na kufika 917,110, na ukijumlisha mtaji una 1,917,110. Ikilipa asilimia 5, jumla ni 2,006,231. Ikilipa asilimia 8, jumla ni 2,158,925, sawasawa na riba limbikizi, bila pungufu. Hapo ndipo inapoonekana kwamba hakuna muujiza ndani ya mkataba wa limbikizi. Kilichopo ni kwamba riba inarudishwa kazini siku ileile, kwa kiwango kilekile, bila wewe kukumbuka.

Jambo hilo lina upande wa vitendo. Amana nyingi za muda maalumu ni za mwaka mmoja, zikihuishwa kila zinapokomaa. Kwenye fomu utaulizwa maelekezo ya kukomaa. Ukichagua kuhuisha mtaji pamoja na riba, una riba limbikizi kwa miaka yote 10, ijapokuwa hakuna aliyeitaja kwa jina hilo. Ukichagua kuhuisha mtaji peke yake na riba iingie kwenye akaunti ya kawaida isiyolipa kitu, una riba sahili. Tiki moja kwenye fomu ndiyo inayobeba 358,925. Tahadhari iliyopo ni kwamba kiwango kinaweza kubadilika kila amana inapohuishwa, kwa hiyo jedwali la hapo juu linakuwa makadirio.

## Mambo mawili ya kupitia kwa haraka

La kwanza ni mara ngapi riba inaongezwa kwenye salio. Asilimia 8 ileile ikiongezwa kila mwezi badala ya kila mwaka inafika 2,219,640 mwaka wa 10, ziada ya takriban 60,700. Ikiongezwa kila siku inafika takriban 2,225,350, ambayo ni nyongeza ndogo sana juu ya ile ya kila mwezi. Kwa hiyo uliza kama ni kwa mwaka au kwa mwezi, ila usivutiwe kupita kiasi na tangazo la "kila siku".

La pili ni kodi. Tuseme kodi ya zuio ni asilimia 10 ya riba. Kwa riba sahili unabaki na 1,720,000. Kwa limbikizi, kama kodi inakatwa kila mwaka, kiwango chako halisi kinakuwa asilimia 7.2 na unafika 2,004,231. Kama inakatwa mara moja mwishoni, unafika 2,043,032. Tofauti kati ya njia mbili inapungua, haifutiki.

## Namna ya kutambua ulichopewa

Usitegemee jina lililo kwenye kipeperushi. Uliza swali moja: "Mwaka wa 2 nitapata riba kiasi gani, kwa namba?" Kwa mfano wetu, jibu likiwa 80,000 ni sahili, likiwa 86,400 ni limbikizi. Baada ya hapo omba ratiba ya malipo ya miaka yote 10 ikiwa imeandikwa, na uangalie tarehe ambayo kila riba inalipwa au inaongezwa kwenye salio. Anayekuhudumia akishindwa kuitoa ratiba hiyo, ahirisha kuweka sahihi.

## Kulingana na hali yako

Kama unahitaji riba kwa matumizi ya kila mwaka, chukua riba sahili inayolipwa kila mwaka, na ulinganishe ofa kwa kiwango chake na ukali wa kifungu cha kuvunja amana.

Kama hutaigusa pesa kwa miaka 10 na viwango vinalingana, limbikizi inakupa zaidi, mradi akiba ya dharura iko kando.

Kama muda wako ni miaka 3 au pungufu, aina ya riba ina uzito mdogo. Asilimia moja zaidi kwenye kiwango, au adhabu nyepesi ya kutoka, inakusaidia kuliko ulimbikizaji.

Kama hujui utahitaji pesa lini, fikiria kuigawa: sehemu kwenye limbikizi ya muda mrefu, sehemu kwenye amana za mwaka mmoja unazohuisha pamoja na riba, ili kila mwaka uwe na mlango wa kutokea bila adhabu.

Kama umepewa riba sahili ya kiwango kizuri na unayo akaunti nyingine ya kupeleka riba, fanya hesabu ya ile sehemu ya pili kabla ya kuikataa. Na kama riba sahili hiyo haikulipi mpaka mwaka wa 10, idai kiwango kinachofidia kungoja: dhidi ya asilimia 8 limbikizi, chochote chini ya 11.59 kinakuacha nyuma.